Ukutani pana, ukutani kuna, ukutani mna

"Karibu nyumbani yangu." Hapo mwanafunzi wa Kiswahili ameshajulikana, tena upesi kuliko kwa lafudhi yake. Huenda amemaliza kitabu cha kwanza na cha pili, anaagiza mahamri na mbaazi bila kigugumizi, hakosei kati ya vitabu vyangu na kalamu zangu. Watu wa Mombasa hawatamcheka usoni. Watamjibu, "Haya, tutakuja nyumbani kwako," na hilo kwako ndilo sahihisho lenyewe, akiwa na sikio la kulinasa.

Kosa hili halitokani na uvivu. Mwanafunzi amefundishwa kwamba nyumba ni ya ngeli ya I-ZI, kwa hiyo nyumba yangu, nyumba hii, nyumba ina dari. Alipotaka kusema "katika", akabandika -ni mwishoni, kisha akaendelea na yangu kama kawaida. Hakuambiwa kwamba -ni hailiachi neno lilipokuwa. Inalihamisha. Nyumba ni kitu, kina kuta na paa na kodi ya kila mwezi. Nyumbani ni mahali, na mahali pana ngeli yake, ambayo shuleni Kenya huitwa ngeli ya PAKUMU. Nyumba ya I-ZI, chumba cha KI-VI, mfuko wa U-I, shamba la LI-YA: kila moja lilikuwa na upatanisho wake, lakini ukishasema nyumbani, chumbani, mfukoni, shambani, yote yameingia kundi moja na upatanisho wa zamani umebaki nje. Ndiyo maana hatusemi chumbani changu wala mfukoni wangu. Tunasema chumbani mwangu, mfukoni mwangu.

Sikio linaweza kukusaidia hapa kabla ya sarufi. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ukiongeza -ni mkazo unasogea: MEza, meZAni, NYUmba, nyuMBAni, kiTAnda, kitaNDAni. Anayesema MEzani, mkazo ukiwa palepale pa zamani, husikika kama anayetamka maneno mawili yaliyogongana.

Jambo jingine la kujua mapema ni kwamba -ni yenyewe haisemi kama unakwenda, unatoka au umetulia. Kazi hiyo ni ya kitenzi. Nakwenda sokoni, natoka sokoni, niko sokoni: sokoni ni ileile mara tatu. Konda akitia pesa mfukoni na akitoa pesa mfukoni, mfuko haukubadilika, kilichobadilika ni mkono. Wanaozoea lugha nyingine hutafuta neno la kuonyesha "kutoka ndani ya" na kuandika "alitoa pesa kutoka ndani ya mfukoni", sentensi yenye vipande viwili vya ziada. Alitoa pesa mfukoni. Imetosha.

Ukuta mmoja, sentensi tatu

Sasa tufike kwenye kiini. Kiambishi ni kimoja, -ni, lakini upatanisho wake ni wa aina tatu: pa, ku na mu. Nani anachagua? Si neno. Kila kitabu huorodhesha mifano ya pa, mifano ya ku na mifano ya mu, na mwanafunzi huondoka akiamini kwamba meza ni ya pa, shule ni ya ku na chumba ni cha mu. Si hivyo. Anayechagua ni msemaji, kulingana na anavyopaona mahali hapo wakati ule.

Chukua ukuta. Fikiria nyumba kuukuu ya Mji wa Kale, nyuma kidogo ya Ngome, kuta zake nene za mawe ya matumbawe na chokaa. Fundi ameingia, anautazama ukuta wa sebuleni, na anaweza kusema mambo matatu.

"Ukutani pana msumari." Kidole chake kinaweza kugusa mahali penyewe. Msumari uko hapo, si kwingine. Pa ni ya mahali mahususi, penye mpaka, unapoweza kupaonyesha.

"Ukutani kuna ukungu." Ukungu haukai nukta moja. Umetambaa, huku mwingi, kule kidogo, na fundi hana haja ya kuonyesha ulipoanzia wala ulipoishia. Ku ni ya eneo lililotanda, au mahali pasipo mpaka wa kuonyeshwa.

"Ukutani mna mchwa." Hapa mwenye nyumba ndipo anapokosa usingizi, kwa sababu fundi anasema wamo ndani, kwenye boriti zilizopachikwa humo, hata kama uso wa ukuta ni safi. Mu ni ya ndani, ya kitu kilichozungukwa.

Ukuta ni uleule. Fundi angesema "ukutani pana mchwa", tungeelewa kwamba ameona kundi la mchwa mahali fulani juu ya ukuta, na dawa ya kupuliza ingetosha. Aliposema mna, ameshazungumzia kupasua. Silabi moja, na bei ya kazi imepanda.

Jaribio hili unaweza kulifanya na karibu kila neno. Mezani pana kikombe, mezani mna mchwa. Mtini pana kiota kwenye tawi lile, mtini mna utomvu. Baharini kuna upepo, baharini mna samaki. Ukiona mna imekataa kabisa, ujue kitu chenyewe hakina ndani: huwezi kusema kwa urahisi "jangwani mna ngamia", kwa sababu jangwa halifungiki.

Kwa nini kiambishi kimoja kikabeba upatanisho wa aina tatu? Jibu liko kwa ndugu zetu wa Kibantu. Wanaisimu huzipa ngeli hizi nambari 16, 17 na 18, na katika lugha nyingi nomino yenyewe hubeba alama ya mbele inayoonyesha ni ipi kati ya tatu. Msemaji wa Kichewa husema kumudzi kwa kijijini, pampando kwa kitini, m'nyumba kwa ndani ya nyumba. Tofauti iko kwenye nomino, inasikika mara moja. Kiswahili kiliacha hizo alama za mbele kwenye nomino, kikaweka -ni moja kwa zote, lakini upatanisho wa maneno yanayofuata ukabaki wa aina tatu. Kwa hiyo nomino yetu imenyamaza, na ni neno linalofuata ndilo linalokwambia msemaji anapaonaje mahali.

Kwangu, pangu, mwangu

Vimilikishi ndipo mwanafunzi anapohitaji kukaa sana, kwa kuwa hapa pamoja na maana mna mazoea. Kwa mantiki, nyumba ina ndani, basi ungetarajia nyumbani mwangu. Ipo, na ni sahihi, lakini inazungumzia jengo: "Nyumbani mwangu mna vyumba vitatu." Unapomkaribisha mtu huzungumzii matofali, unazungumzia makazi, upande wenu, na hapo ni kwangu. Hivyo hivyo kazini kwangu, shuleni kwetu, dukani kwake, mjini kwetu: mahali pa mtu kama upande wake wa maisha, si kama sanduku.

Vitu vinavyofungia vingine huenda kwa mwa: chumbani mwangu, mfukoni mwangu, mkobani mwake, kabatini mwetu. Mwili pia umejaa mwa, hata usipofikiria: kichwani mwangu, moyoni mwake, kinywani mwako, mikononi mwa polisi. Methali yetu kongwe imelihifadhi hili vizuri: kikulacho ki nguoni mwako. Angalia kwamba si nguoni yako wala nguoni kwako. Mdudu yumo humo ndani, kwenye mikunjo, karibu na ngozi, na mwako ndiyo inayokufanya ujikune.

Pa hubaki kwa nyuso na ncha: mezani pangu, mlangoni pa duka, machoni pa watu, ubavuni pangu. Kuna pia misemo ambayo imeganda na haina mjadala tena: miongoni mwa, mwanzoni mwa mwaka, mwishoni mwa mwezi. Usijaribu kuipangia sababu, ikariri tu.

Na kuna mtego mmoja wa kweli. Ndani na chini yanaishia kwa -ni na yanataja mahali, kwa hiyo mwanafunzi aliyeelewa somo vizuri huandika "chini pa meza". La. Maneno haya yamekuwa vielezi vilivyosimama peke yake na hufuatwa na ya kama wenzao juu, mbele na nyuma: chini ya meza, ndani ya gari, mbele ya duka. Ndani mwa utaisikia na kuisoma pia, si kosa, lakini chini pa itawafanya watu wakutazame mara mbili.

Vivyo hivyo, si kila ni ya mwisho ni ya mahali. Sahani, ramani, jirani, imani, rehani: -ni hizo ni sehemu ya neno. Aliyeonywa sana kuhusu nyumbani yangu huwa anarukia upande wa pili na kuandika "sahani mwangu". Sahani ni kitu, sahani yangu. Ukitaka mahali, useme sahanini mwangu au kwenye sahani yangu. Lakini neno la kuangalia kuliko yote ni majini. Maji yakiongezwa -ni yanakuwa majini. Jini katika wingi ni majini. Herufi zilezile, mkazo uleule, na Pwani majini ya aina zote mbili hayatoki midomoni mwa watu. Kinachoyatenganisha ni upatanisho pekee. "Majini mna samaki" ni habari ya mvuvi. "Majini yamempanda" ni habari ya mganga.

Ufunguo upo, uko, umo

Mfumo huohuo wa tatu unajirudia kwenye -po, -ko na -mo. Mama anatafuta ufunguo. "Upo mezani": umeonekana, nyoosha mkono. "Uko jikoni": uko upande huo, nenda ukautafute. "Umo mkobani": umefichwa na mkoba, fungua zipu. Mtu akisema umo bila kutaja mahali popote, tayari umejua kwamba utalazimika kufungua kitu.

Ukweli wa mazungumzo ya siku hizi ni kwamba -ko na kuna zimekula sehemu kubwa. Sehemu nyingi za Kenya, hasa bara, mtu yuko mezani, yuko chumbani, yuko hapa mbele yangu. Tanzania yupo husikika zaidi. Yumo na mna zimebaki na nguvu kwa wazee, kwa waandishi, na kwa wenyeji wa Pwani, ambao wengi wao hutamka u kabisa: muna watu, mulikuwa na giza. Ushauri wangu kwa aliye katikati ya safari ni huu: kama hujui, tumia kuna na -ko, hutakuwa umekosea. Lakini usitumie mna na pana ovyo kwa kutafuta uzuri, kwa sababu hizo zina maana mahususi na msikilizaji ataichukua.

Kukanusha kumekwenda njia yake. Zamani zile tatu zilikuwa sawa: hapana ni kinyume cha pana, hakuna cha kuna, hamna cha mna. Hapana sasa imekuwa jibu la kukataa kwa kila kitu, na maana yake ya mahali tunaisikia zaidi kwenye methali, kama penye miti hapana wajenzi. Hamna nayo imetoka chumbani ikaingia kila mahali. Muulize mwenye kibanda kama ana mkate, atasema "hamna", na wala hafikirii ndani ya chochote.

Virejeshi ni vyepesi ukishakubali kwamba mwendo ni wa ko. Alikokwenda, alikotoka, tunakoelekea: safari haina mpaka. Mahali pa kufikia au pa tukio ni po: pale alipoanguka. Ndani ni mo: chumbani alimolala. Na ukitumia nomino bila -ni, rudi kwenye ngeli yake: nyumba anayoishi, lakini nyumbani anakoishi.

Mahali -ni haiendi

Majina ya mahali hayapokei -ni. Nakwenda Mombasa, nashuka Mwembe Tayari, nimenunua viungo Marikiti. Mengine yameshaimeza zamani. Likoni ni liko, yaani mahali vyombo vinapoegesha, pamoja na -ni. Bondeni, Mkomani, Mikindani: bonde, mkoma, mikinda, na -ni zao. Yamekuwa majina, hayaongezewi nyingine. Hata hivyo upatanisho wa mahali yanaukubali bila shida: Likoni kuna msongamano, Mombasa kumenyesha. Ukitaka kuunganisha nomino ya kawaida na jina, ziweke bega kwa bega bila kiungo: mjini Mombasa, sokoni Kongowea, kisiwani Pemba.

Watu nao hawapokei -ni. Kwa mtu ni kwa: nakwenda kwa daktari, nimelala kwa shangazi. Mombasa ina mitaa mizima iliyoitwa hivyo, Kwa Bulo, Kwa Jomvu. Na hapa ndipo "kwa meza" ya Kiswahili cha mtaani bara inapokwaruza masikio ya Pwani. "Weka kwa meza" ni maneno ya kila siku Nairobi, kila mtu anaelewa, lakini kwa aliyezoea Kiswahili sanifu Meza hapo anasikika kama jina la mtu: kiweke kwa bwana Meza, atakutunzia. Weka mezani, au weka juu ya meza.

Kuna maneno ya mkopo yanayokubali -ni lakini mara nyingi huachwa: nakwenda benki, nakwenda posta, amelazwa hospitali au hospitalini. Ofisi, duka na soko, kinyume chake, huidai: nakwenda ofisini.

Mwisho wa yote ni sifa. Soko kubwa likiwa mahali, mwanafunzi huandika "sokoni kubwa". Huwezi, kwa sababu kubwa hapo imevaa nguo ya soko ilhali soko limeshavua. Kinadharia sifa ingepata ku au pa, na sisi husema "hapa ni padogo" au "huku kwenu ni kuzuri", pale sifa inapokuja baada ya ni. Lakini kubandika sifa moja kwa moja kwenye nomino yenye -ni, hakuna anayefanya hivyo. Suluhisho ni kuondoa -ni na kuweka kwenye au katika mbele: kwenye soko kubwa, katika chumba kidogo. Nomino inarudi ngeli yake, na sifa, vimilikishi na vyote vinaifuata. Hiyohiyo ndiyo dawa ya majina marefu: kwenye kituo cha polisi, kwenye uwanja wa ndege, au uwanja wa ndege peke yake bila kitu. Uwanjani wa ndege haipo.

Penye nayo bado iko hai barabarani. Ukimwambia bodaboda "nishushe penye mwembe", amejua ni nukta moja, pale kivulini. "Nishushe kwenye mwembe" itakufikisha vilevile, ila imelegea kidogo. Usichanganye tu dawa mbili: kwenye nyumbani na katika sokoni ni kumeza vidonge vya watu wawili.

Aya moja kwenye karakana

Tuchukue aya ya aina ambayo walimu huipokea kila wiki kutoka kwa wanafunzi wa kiwango cha kati:

"Ninakaa katika nyumbani ya shangazi yangu. Chumbani yangu ni ndogo lakini iko na dirisha kubwa. Kwa meza kuna vitabu yangu. Ufunguo iko mfukoni wangu. Jana nilikwenda kwa Mombasani, mahali yenye watu wengi."

Sentensi ya kwanza ina katika na -ni pamoja, moja lazima iondoke. Kwa kuwa ni makazi ya mtu, ibaki -ni, na kiunganishi kiwe cha mahali: nakaa nyumbani kwa shangazi yangu.

Ya pili ndiyo inayofundisha zaidi. Mwanafunzi akiambiwa chumbani haichukui yangu, ataandika "chumbani mwangu ni ndogo", na bado hapajanyooka. Jiulize: ni nini kilicho kidogo? Ni chumba, kitu chenyewe, si mahali. Kwa hiyo -ni haikutakiwa tangu mwanzo: chumba changu ni kidogo lakini kina dirisha kubwa. Na iko na nayo ni ya mtaani. Maandishi yanataka kina. Kama angetaka kuanza na mahali, sentensi ingegeuka: chumbani mwangu mna dirisha kubwa. Zote mbili ni nzuri, ila kila moja inaongelea kitu chake. Makosa mengi yanayoonekana kama ya upatanisho kwa kweli ni ya kutoamua kama unaongea juu ya kitu au juu ya mahali.

Ya tatu: mezani pana vitabu vyangu. Kuna pia ni sahihi. Tazama kwamba vitabu vinafuata ngeli yao wenyewe, vyangu. Mahali hapavitawali vitabu, panatawala kitenzi tu.

Ya nne ina makosa mawili yanayofanana kwa sura lakini si kwa asili. Ufunguo ni wa U, kwa hiyo iko inakuwa u-, na kwa kuwa umefungiwa ndani ya mfuko, umo. Wangu ingefaa kwa mfuko, si kwa mfukoni. Ufunguo umo mfukoni mwangu.

Ya tano: kwa haina kazi, -ni haina kazi. Na mahali, ingawa halina -ni, ni neno la ngeli hii tangu kuzaliwa, hivyo huchukua pa daima: mahali penye watu wengi, mahali pangu, mahali hapa. Pwani utasikia pia pahala, ambapo pa imejitokeza hata mwanzoni mwa neno lenyewe. Jana nilikwenda Mombasa, mahali penye watu wengi.

Aya nzima: "Nakaa nyumbani kwa shangazi yangu. Chumba changu ni kidogo lakini kina dirisha kubwa. Mezani pana vitabu vyangu. Ufunguo umo mfukoni mwangu. Jana nilikwenda Mombasa, mahali penye watu wengi." Kati ya -ni nne alizoziweka zimebaki mbili tu, na moja, ya mezani, tumeiongeza sisi. Ukiona -ni imejaa kila mstari wa kazi yako, anza kuihoji moja moja.

Limebaki tatizo ambalo hata wenyeji hawana dawa yake. M ya mahali ni sawasawa na m ya nyinyi. Siku ambayo mifereji imekauka na mkokoteni wa mitungi haujapita, jirani huinua sauti juu ya ukuta: "Mna maji?" Anaweza kuwa anawauliza nyinyi kama mnayo, au anauliza juu ya tangi lililo darini. Ukimjibu "hatuna", umechukua ya kwanza. Ukimjibu "yamo kidogo", umechukua ya pili, na itabidi utafute ndoo.